Hata ya Jikoni

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyesema hayo bila shaka alikuwa na duka lenye wateja. Kwenye kikao cha bodi hajawahi kuketi. Huko, kizuri kisipofungua mdomo hupelekwa jikoni, na jikoni hukaa mpaka watu wasahau kilijia nini. Kama unabisha, kamuulize Esnath.

Esnath alikuwa mkunga. Alianza kazi akiwa msichana wa kubeba beseni, akamaliza akiwa msimamizi wa wodi ya wazazi, huko Songea. Alipostaafu, yeye na mumewe Yohane walirudi nyumbani Rungwe, wakajenga Ibighi, nyumba ya kiasi yenye migomba nyuma. Mwaka wa kwanza alipumzika. Mwaka wa pili alichoka kupumzika. Mikono iliyopokea watoto wa watu usiku na mchana sasa ilimenya ndizi asubuhi, ikamenya ndizi jioni. Majirani walimjua kuwa ni Mama Erasto, mke wa Yohane, mama mpole wa kwaya, sauti ya pili. Alikuwa nani kabla ya hapo, hakuna aliyeuliza. Naye, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, hakujitangaza.

Ndipo ikaja simu ya shirika la Tusubile. Jina hilo kwa Kinyakyusa maana yake tumetumaini, na shirika lenyewe lilikuwa na matumaini kuliko mafuta ya gari. Lilikuwa linamalizia nyumba kule Masukulu, jirani na zahanati, ya akina mama wanaotoka mbali: mja mzito anafika wiki chache kabla ya siku zake, anakaa, anasubiri, ili uchungu usimkute kwao kwenye utelezi. Kwenye bodi nafasi mbili zilikuwa wazi. Ni kazi ya kujitolea, katibu alimwambia, mshahara hakuna, kuna chai na ahsante.

"Nani kanitaja?" Esnath aliuliza.

"Mtu anayekufahamu. Hakutaka kusema mengi. Amesema tukuite uje ujieleze mwenyewe."

Walimpelekea kanuni za ile nyumba azisome. Alizisoma barazani, akakubaliana nazo moja baada ya nyingine, mpaka alipofika penye gari, akavua miwani. Gari la shirika, kanuni ilisema, halitaondoka na mgonjwa mpaka mwenyekiti wa Kamati ya Huduma atoe idhini kwa simu. Sababu aliielewa. Dereva wa zamani alikuwa amelifanya gari lile la kubebea mbao na maharusi, na bodi iliyoumwa na nyoka ikawa inaogopa unyasi. Lakini Esnath alikuwa amewahi kusimama kando ya kitanda akisubiri mtu mmoja mwenye cheo apokee simu. Anajua yaliyotokea.

"Damu haiombi idhini," alimwambia Yohane usiku ule mezani.

Tangu hapo akawa na hamu moja tu: aingie Kamati ya Huduma, aifute kanuni ile kabla nyumba haijafunguliwa. Na utaratibu wa Tusubile ulikuwa hivi: mjumbe mpya anasimama, anajitambulisha, anasema ana nini mkononi, na siku hiyohiyo mwenyekiti anampangia kamati. Wasifu wake alikuwa ameutuma kwa simu kama alivyoombwa, lakini kwetu mtu husomwa mdomoni. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea dakika chache za kusema "mimi".

Neno hilo lilimshinda. Alikwenda kwa Biubwa, rafiki yake fundi cherehani, ambaye babu zake walipanda huku kutoka pwani wakifuata biashara wakasahau kurudi. Biubwa alikuwa mjumbe wa kamati ya akina mama msikitini, kamati ya soko, na kamati nyingine ambazo hata yeye hakuzikumbuka.

"Haya, jitambulishe," Biubwa alisema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Mimi ndiyo bodi."

"Naitwa Esnath. Ni mama wa kawaida tu, Mungu amenisaidia—"

"Basi, kaa chini. Mama wa kawaida wako wengi, hata hapa dukani yupo mmoja." Alikata uzi kwa meno. "Shoga yangu, unaogopa kujisifu, sawa. Lakini kujisifu ni kusema ulivyo. Mimi hodari, mimi bingwa, mimi sina mfano. Wewe sema ulichofanya, basi. Ulifanya wapi, na nani, kikatokea nini. Halafu sema usichokijua, watu wapumue."

"Nitaonekana najikweza."

"Mficha uchi hazai. Wewe mkunga nikufundishe methali hiyo?"

Walicheka mpaka mteja mlangoni akarudi nyuma. Kisha wakakaa, wakatengeneza maneno kama wanavyotengeneza gauni, kupunguza hapa, kuachia pale. Bingwa likatolewa. "Nimeokoa" likatolewa, badala yake likawekwa "mimi na wenzangu". Mwishowe Esnath alisimama katikati ya vitambaa akayasema yote bila kukwama. Jina langu Esnath, naishi Ibighi. Kazi yangu ilikuwa ukunga, mpaka nilipostaafu. Wodini kwetu akina mama walikuwa wanachelewa kupelekwa kwenye upasuaji kwa sababu ya kusubiri ruhusa. Mimi na wenzangu tukaomba muuguzi wa zamu awe na mamlaka ya kuita gari, na ucheleweshaji ukapungua sana. Jambo kama hilo naweza kuwasaidia. Mambo ya fedha na sheria siyajui, nitajifunza kwenu. Na ni haki mjue kwamba mlezi wa shirika hili ni baba mkwe wangu.

"Hapo," Biubwa alisema. "Hujajisifu, na hujajificha. Usiongeze chumvi."

Hilo la baba mkwe ndilo lililokuwa na mwiba, na wote wawili walilipita haraka. Mzee Nsajigwa ndiye aliyetoa kiwanja cha ile nyumba, kwa hiyo shirika lilimfanya mlezi wake. Lakini alikuwa mgonjwa wa kifua, hatoki Masukulu, vikao hahudhurii. Esnath alimshukuru Mungu kwa hilo, kisha akatubu kwa kushukuru ugonjwa wa mtu.

Siku ya kikao ilinyesha, jambo ambalo Tukuyu si habari. Ofisi ya shirika ilikuwa na chumba kimoja kikubwa, viti vya plastiki na meza ndefu yenye kitambaa cha maua. Esnath alifika na sweta lake la bluu, akatafuta pa kukaa, akainua macho.

Mzee Nsajigwa alikuwa ameketi mbele, kwenye kiti cha mlezi, ndani ya koti lake zito, mikono yote miwili juu ya fimbo.

Wageni hawataelewa, na vijana wa siku hizi wanajifanya hawaelewi. Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Mwanamke akimwona mzee yule njiani anaingia migombani mpaka apite. Jina lake halitamki. Mbele yake hali, hacheki, hapazi sauti. Si chuki, ni heshima iliyofikia ukomo wake. Mjini imelegea, makanisani wanaihubiri kuwa ni ya kale, lakini Esnath aliolewa na watu wa Masukulu wa zamani, na katika ndoa yake yote hajawahi kusema sentensi nzima mahali ambapo masikio ya mzee yule yangeisikia. Siku za likizo alipita nyuma ya nyumba. Na mzee naye, akijua mkamwana yuko jikoni, alikohoa akiwa mbali ili mwanamke ajifiche kwa raha.

Kwa hiyo mmoja kati yao alipaswa kutoka. Mara zote anayetoka ni mwanamke. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameitwa. Esnath alikaa kiti cha nyuma kabisa, pembeni, akajifunika khanga kichwani, akasubiri mzee atoke walau kwenda kupunga hewa. Mzee hakutoka. Aliinamisha uso akaangalia sakafu, akabaki.

Mwenyekiti, Bwana Amoni, alikuwa mstaafu wa ushirika, mtu mwadilifu anayependa kikao kiishe kabla ya saa ya chakula. Alimwita kwanza mjumbe mwingine mpya, Hasheem, mwenye malori mjini.

"Naitwa Hasheem," alisema, mkono mmoja kifuani. "Shughuli yangu ni kusafirisha chai na ndizi. Barabara za wilaya hii nazijua, ile inayopitika masika na ile inayodanganya. Mafundi wa magari nawajua pia, na bei zao za kweli. Hospitali mimi naijua kwa kuugua tu, huko msiniulize. Nikiweza kusaidia gari la shirika litembee, nitafurahi."

Watu walitabasamu, wakapiga makofi. Ilikuwa kama Biubwa amemfundisha yeye. Bwana Amoni aliandika, akageuza uso.

"Na mama yetu, karibu."

Esnath alisimama. Maneno yote yalikuwepo; aliyaona yamejipanga kama vifaa kwenye trei. Jina, kazi, mimi na wenzangu. Lakini kila neno lilipaswa kupita mbele ya lile koti kwanza. Kusema nilikuwa msimamizi wa wodi, mbele yake. Kusema wazazi, uchungu, damu, mbele yake. Kulitaja lile la mlezi, kuwafanya watu wote watugeuzie macho yeye na mimi. Magoti yakajikunja yenyewe, kama yalivyofunzwa, akawa nusu amepiga magoti kwenye chumba cha watu wazima wanaomsubiri.

"Naitwa Esnath," alisema, sauti ikitokea chini ya khanga. "Mke wa Yohane, wa Ibighi. Mimi sina makubwa. Nilifanya kazi ya hospitali kidogo. Nimekuja kujifunza kwenu, na kazi yoyote mtakayonipa nitaipokea, hata ya jikoni."

Adabu husema hivyo. Kila mtu aliyelelewa Rungwe amewahi kusema hivyo, na anayesikia hujua kwamba ni mlango tu, anatakiwa abishe hodi, aulize, amvute mtu ndani. Hapo angetakiwa mzee mmoja aseme, aa, huyu anatunyima, huyu ni mtu wa kazi kubwa. Ndivyo ilivyo desturi: unajishusha, mwenzako anakuinua. Lakini katika chumba kile aliyemjua ni mmoja tu, na huyo hakuweza kumtaja. Mzee Nsajigwa alikaza vidole kwenye fimbo. Akakohoa.

"Unyenyekevu mzuri sana," Bwana Amoni alisema, na kwa dhati kabisa. "Nyumba yetu inafunguliwa mwezi ujao, na wageni watakuwa wengi. Mama Esnath, Kamati ya Mapokezi na Chakula. Bwana Hasheem, Kamati ya Usafiri na Majengo. Kamati ya Huduma itaongozwa na Mwalimu Meshaki, maana wa fani hiyo hatukumpata."

Makofi yakapigwa. Mwalimu Meshaki, mzee wa kanisa mwenye moyo safi na somo la jiografia, alisema atajitahidi. Esnath alikaa chini huku masikio yakimwaka moto. Alikuwa amejichukia mara nyingi maishani kwa mambo madogo. Hili halikuwa dogo, na alilijua palepale.

Siku ya tatu alijikaza akaenda kwa Bwana Amoni nyumbani kwake. Alimkuta anapogoa miparachichi. Alimweleza kuhusu ile kanuni, taratibu, kwa mifano, kwamba mama akitoka damu hakuna muda wa kutafuta mtu kwa simu. Aliyepo kando ya mgonjwa ndiye aamue.

"Naona," mwenyekiti alisema. "Lakini hilo ni la Kamati ya Huduma."

"Ndiyo maana nimekuja. Mimi ni mkunga, mwenyekiti. Wodi ya wazazi nimeisimamia mimi."

Bwana Amoni alishusha mkasi wake. Uso wake haukuwa mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Ulikuwa uso wa mtu aliyewahi kuyaona haya.

"Mama, juzi mbele ya watu ulisema ulifanya kazi ya hospitali kidogo. Leo umesimamia wodi. Nikimwambia Mwalimu, ataona umekitamani kiti chake. Tuheshimu kikao. Lete hoja yako kikao kijacho, baada ya miezi mitatu."

Ndivyo dunia ilivyo. Ukisema mapema unaitwa mwenye majivuno, ukisema baadaye unaitwa mwenye kijicho, na katikati ya hapo pana upenyo mdogo ambao Esnath alikuwa ameupita amepiga magoti. Alikwenda kwa Mwalimu Meshaki pia. Mwalimu alimpa maziwa mgando, akamsikiliza, akasema, "Dada yangu, una hoja, lakini kanuni ni ya bodi, mimi peke yangu siwezi kuifuta. Lakini usiwe na wasiwasi. Simu yangu iko wazi daima."

Nyumba ilifunguliwa. Esnath alipika, na alipika vizuri. Hata aliyekuja kukata utepe aliomba ndizi za nyongeza. Wanawake wa kwanza walihamia na mabeseni yao. Alipata nafasi ya kuwapitia akiwa ameshika sinia, akiwaangalia miguu na vifundo, akiwauliza wanalalaje. Msimamizi wa nyumba, binti mchapakazi, alimwambia kwa upole, "Mama, Mapokezi mmeshamaliza, nendeni mkapumzike."

Miongoni mwa waliofuata kuhamia pale alikuwa Tulia, binti wa dada yake Yohane, aliyeolewa Ikuti. Mimba yake ya kwanza. Mzee Nsajigwa mwenyewe ndiye aliyesema mjukuu wake akasubirie kwenye kiwanja chake, watu wa vijijini waone kwamba mahali pale ni pa kuaminika.

Ilikuwa Jumapili, asubuhi nzuri bila mvua. Tulia aliamka na maumivu yasiyoachia, tumbo likawa gumu kama ubao, kisha damu ikaanza, nyeusi. Muuguzi wa zahanati hakupoteza muda: alisema hii ni ya hospitali, ni ya upasuaji, sasa hivi. Gari la wagonjwa la serikali lilikuwa limeshaondoka na mgonjwa mwingine alfajiri. Gari la Tusubile lilikuwepo palepale uani, limejaa mafuta, dereva ameshawasha injini. Msimamizi alimpigia Mwalimu Meshaki aombe idhini.

Mwalimu alikuwa kanisani. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kusoma neno, na mtu wa Mungu akiingia ibadani huzima simu. Msimamizi alipiga, akapiga tena. Dereva alikuwa mgeni kazini, aliyeajiriwa baada ya yule wa mbao na maharusi kufukuzwa, na aliambiwa siku ya kwanza kwamba akitoa gari bila idhini ajihesabu hana kazi. Alizima injini ili asiteketeze mafuta. Muuguzi alimfokea, akaiwasha, akaizima tena. Mwishowe bodaboda alitumwa kanisani, akasimama mlangoni kwaya inaimba, akaogopa kuingia na matope yake, akasubiri wimbo uishe. Ulikuwa na beti nyingi.

Mwalimu Meshaki alitoka mbio na Biblia mkononi akipaza sauti kwenye simu, nendeni, nendeni. Walikwenda. Hospitalini walimpasua Tulia wakamwokoa. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa. Kondo la nyuma lilikuwa limebanduka, daktari alisema, na kwa jambo hilo kuchelewa hakusamehewi.

Yohane alipopokea simu na kumweleza mkewe, Esnath hakulia. Alikwenda nyuma ya nyumba akasimama kwenye migomba, akaitazama mikono yake kwa hasira, kana kwamba ndiyo iliyokaa kimya. Baadaye alilia, na alilia vibaya.

Walimzika mtoto Masukulu, nyuma ya nyumba ya mzee, watu wachache, kama wanavyozikwa watoto wa namna hiyo. Mama mmoja alianza kusema majuto ni mjukuu, mwenzake akamfinya. Esnath alikuwa jikoni, mahali pake, akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, wakati mama mkwe wake, Bibi Ikupa, alipoingia na kufunga mlango.

"Mwe, Mama Erasto," alisema, na akakaa kwenye kigoda. "Mwenye nyumba ana neno. Hawezi kukwambia, basi nasema mimi. Yeye ndiye aliyekutaja kule kwenye shirika."

Esnath aliacha kuchochea.

"Mwanangu Yohane alimwambia siku nyingi unachokijua. Mzee alikuwa anajivuna nawe, huku chumbani, kwangu tu. Akasema, mkamwana wangu siwezi kumsemea mimi, si mwanangu wa kumtaja mbele za watu. Lakini wakimwita atasema mwenyewe. Siku ile alikuwa anaumwa kifua, nikamkataza. Akasema, ninakwenda. Nataka nisikie kwa masikio yangu, walau mara moja kabla sijafa, mkamwana wangu anaongea. Alikaa pale kukupa heshima."

"Kukaa kwake ndiko kulikonifunga mdomo, mama."

"Ena," Bibi Ikupa alikubali. "Sasa anajua. Alirudi siku ile akaniambia, nimemsikia. Anajua kupika."

Moto ukaendelea kuwaka.

Bodi iliitishwa kikao cha dharura. Afisa maendeleo ya jamii kutoka wilayani alikuja kusikiliza, dada mwenye kalamu na sura isiyo na mzaha, na kwa kuwa alikuwa mgeni aliomba kila mjumbe ajitambulishe upya: jina, na analeta nini kwenye bodi hii. Mwalimu Meshaki alisimama akasema jina lake, kisha akakaa akajifunika uso. Hasheem akajitambulisha. Mzee Nsajigwa alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, ndani ya koti lilelile.

Zamu ilipomfikia Esnath, kabla hajanyanyuka, mzee aliegemea fimbo yake akainuka. Aliacha kofia yake mezani; hakumtazama mtu. Alitembea polepole katikati ya viti, kila mtu akavuta miguu ampishe, akatoka nje kwenye mvua, akaketi kwenye benchi la barazani chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Kikohozi chake kilisikika mara moja, kile cha zamani, cha kumwarifu mwanamke kwamba mzee yupo mbali na yeye awe huru.

Esnath alishusha khanga mabegani akasimama wima. Alisema jina lake. Alisema ukunga, na wodi, na miaka. Alisema mimi na wenzangu tulivyoomba muuguzi wa zamu aite gari bila kungoja ruhusa ya mtu, na kilichotokea baada ya hapo. Alisema asiyoyajua, fedha na sheria. Alisema mlezi wa shirika ni baba mkwe wake, na aliyezikwa ni mjukuu wa wifi yake. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Alipaza sauti kidogo kuliko chumba kilivyohitaji, ili ifike dirishani.

Ilikuwa hotuba nzuri. Biubwa angejivunia kila mshono. Kanuni ya idhini ilifutwa mara moja bila mtu kupinga, kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai, na Mwalimu Meshaki mwenyewe akaomba Esnath ashike kiti chake. Wakapiga makofi. Makofi yale yalimchoma Esnath kuliko kama wangemzomea.

Afisa aliandika, akainua kichwa. "Mama, samahani. Haya yote ulikuwa nayo tangu mwanzo. Siku ya kwanza mbona hukusema?"

Bwana Amoni aliinamisha uso. Esnath alitazama mbele, kile kiti cha plastiki kilichobaki wazi.

"Siku ile," alisema, "kile kiti kilikuwa na mtu."

Afisa hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Mvua ilikuwa imeongezeka, na barazani mzee alikuwa bado ameketi, akingoja kikao kiishe ndipo aingie kuchukua kofia yake.